Pumzi ndiyo inayokata mstari

Ukitaka kujua kama mtu anasoma au anazungumza, geuzia video kisogo usikilize tu. Msomaji hujiumbua mwishoni mwa mistari: kila baada ya maneno matano au sita sauti inashuka kidogo, kana kwamba sentensi imekwisha, kisha inapanda tena katikati ya wazo. Hakuna anayeongea hivyo sokoni. Kinachosikika ni umbo la kioo cha prompta: maandishi yamefika ukingoni, jicho limerudi kushoto, na ulimi umelifuata.

Ndiyo maana nabishana na wanaosema kwamba dawa ni mazoezi ya sauti. Ubovu mwingi unaingia kabla mtu hajafungua kinywa, pale matini yanapomwagwa kwenye tableti na programu ikaachiwa ikate mistari inapotaka.

Tuchukue kazi ya kawaida ya Kamina. Muuguzi anarekodi tangazo la dakika moja kuhusu kipindupindu, litakalotumwa kwa simu hadi Bukama na Malemba-Nkulu, huko kwenye maziwa ya Upemba ambako ugonjwa huo hurudi mara kwa mara. Amepewa karatasi yenye sentensi kama hii:

"Wananchi wote wanaoishi kandokando ya mito na maziwa wanashauriwa kuhakikisha kuwa maji yanayotumiwa kwa ajili ya kunywa yamechemshwa au yametiwa klorini kabla ya kutumiwa ili kuepuka maambukizi ya ugonjwa wa kipindupindu."

Maneno 31, na hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Kisarufi haina kosa. Ila anayeshauri hajulikani, anayechemsha hajulikani, na jina la ugonjwa, ambalo ndilo lingemfanya mtu ainue kichwa, limewekwa mwisho kabisa, pumzi ikiwa imekwisha. Muuguzi mwenyewe hangemwambia mgonjwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kioo, mwombe aweke karatasi chini akueleze jambo hilo kama anamweleza mama aliyekuja na mtoto anayeharisha. Andika anavyosema, kisha kata mstari pale anapopumua:

Kipindupindu kinaingia kwa maji.
Mama, maji ya kunywa,
chemsha kwanza.
Kuni hazitoshi?
Tia klorini,
ngojea nusu saa,
ndipo unywe.

Mistari hailingani urefu, na inafaa isilingane. Mstari mfupi unaacha nafasi tupu upande wa kulia, na nafasi hiyo humwambia msomaji kwamba hapa anaruhusiwa kunyamaza. Palipo na swali, alama ya kuuliza inaonekana mapema, sauti inapanda yenyewe. "Nusu saa" nimeiandika kwa maneno kwa makusudi. Tarakimu hulazimisha akili ifanye kazi ya pili, yaani kuibadilisha kuwa neno, na huku kwetu kuna mtego zaidi: watu wengi wa Katanga hutaja bei na tarehe kwa Kifaransa hata katikati ya Kiswahili. Akiona 2.500 kwenye kioo, muuguzi atasita kidogo akichagua lugha, na kusita huko kunaonekana usoni. Amua naye kabla, uandike atakavyotamka.

Hilo linagusa jambo kubwa zaidi. Kiswahili cha karatasi ni sanifu, cha mdomoni hapa si hicho. Jicho linaona "watu", ulimi umezoea "batu". Jicho linaona "maji", ulimi unataka "mayi". Mtu akivutwa pande mbili anaanza sentensi kisanifu na kuimalizia kinyumbani, na mtazamaji anahisi uongo bila kujua unatoka wapi. Sina sheria ya kuwapa wote. Kwa tangazo la kijijini ningeandika anavyosema msomaji mwenyewe, na ba- zake zote. Kwa taarifa itakayosikilizwa hadi Dodoma, ningebaki na sanifu na kumpa muda wa kuizoesha midomo. Kuchanganya bila kuamua ndiko kunakoharibu.

Sasa macho. Kifaa cha prompta kilipozaliwa New York mwaka 1950, mwigizaji Fred Barton alipochoka kukariri na Irving Kahn na Hubert Schlafly wakamtengenezea mtambo, kilikuwa karatasi ndefu inayozunguka ndani ya sanduku kando ya kamera. Aliyesoma alionekana akitazama pembeni. Kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 mbele ya lenzi, tableti ikilala chini yake, kilikuja kuondoa aibu hiyo. Lakini kimebakiza nyingine: hata maandishi yakiwa mbele ya lenzi, jicho linatembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapa hesabu ni rahisi. Mstari wenye upana wa sentimita 20, ukiusoma kutoka mita 1 na nusu, unalitembeza jicho karibu nyuzi 8, na kamera inaona. Rudi nyuma hadi mita 3, zinabaki kama 4. Punguza upana wa safu uwe sentimita 10, zinabaki 2, na hapo macho yanaonekana yametulia. Kwa hiyo tunarudisha nyuma kamera pamoja na kioo, tunavuta picha kwa zumu, na tunabana safu badala ya kupunguza herufi. Herufi zenye kimo cha sentimita 1 zinasomeka kwa mita 3. Maneno ya Kiswahili ni marefu, "wasipoyachemsha" peke yake inakula karibu mstari mzima, hivyo maneno machache kwa mstari yanatosha. Hayo nayo yanakubaliana na mkato wa pumzi.

Anayetumia simu mkononi, na maandishi yakiwa kwenye skrini ileile, hawezi kurudi nyuma. Huyo asogeze maandishi yote juu, karibu kabisa na lenzi, na abane safu hata zaidi.

Kioo cha dirisha kinafanya kazi ukikosa kile maalumu, ila kitatoa herufi mbili, moja juu ya nyingine kama kivuli, kwa sababu uso wa mbele na wa nyuma zote zinaakisi. Kadiri kilivyo chembamba ndivyo vivuli vinavyokaribiana. Kinaakisi sehemu ndogo tu ya mwanga, kwa hiyo tableti iwe kwenye mwanga wake wa juu na kitambaa cheusi kifunike kamera yote nyuma ya kioo, isipokuwa lenzi. Nje, jua la saa sita litashinda kila tableti. Rekodi ndani ya nyumba au chini ya mwembe.

Limebaki la mwendo, na hapa naona makosa kuliko kote. Watu huwasha programu isogeze maandishi kwa kasi moja, kisha msomaji anaikimbiza kama abiria aliyechelewa treni. Mtu anayezungumza hana kasi moja. "Mama, maji ya kunywa" linapita haraka, "chemsha kwanza" linakaa. Kwa hiyo asogeze mtu, kwa kidole au rimoti, huku akimsikiliza msomaji na kusimama anaposimama. Mstari unaosomwa ukae usawa wa katikati ya lenzi, na mmoja au miwili inayofuata ionekane chini yake, ili jicho lijue sentensi inaelekea wapi. Ukimwona msomaji anameza mate kabla ya "klorini", jua mstari wa chini ulichelewa kutokea.

Jaribu la mwisho lifanyike bila sauti. Zima spika, tazama macho na nyusi tu. Kama nyusi zinapanda pale penye "Kuni hazitoshi?", matini yamefika. Kama uso ni uleule toka mwanzo hadi mwisho, usirudie kurekodi mara ya kumi, kwa sababu kila marudio yanageuka wimbo. Rudi kwenye maandishi, tafuta mstari uliokatwa vibaya, na mwulize muuguzi angeusemaje.