Moyo unaovunjika na tumbo linalozaa

Siye wa Kivu tunakisikia Kiingereza mara nyingi, kwa wageni wa miradi na katika sinema. Wengi wetu wanageuza maneno ya mwili neno kwa neno: moyo kwa moyo, tumbo kwa tumbo. Hapo hatukubaliani nao.

Katika mkutano mmoja wa wakulima tulimsikia mama akisema: "Miye nilishavunjika moyo." Mkalimani akamwambia mgeni kwamba moyo wa mama umevunjika. Kwa Kiingereza, huo ni moyo wa mtu aliyefiwa ao aliyeachwa na mpenzi wake. Mgeni akasikitika, akauliza ni nani amekufa. Watu wakacheka, mama hakucheka. Yeye alikuwa anasema kwamba mbegu za mihogo zilichelewa misimu miwili, na hataki tena kulima ile shamba ya chama. Akapewa pole, mbegu hakuzipata.

Kosa si la masikio. Kwetu moyo ni mahali pa nguvu ya kuendelea. Ndiyo maana tunasema kumtia mtu moyo, kupiga moyo konde, ao fulani hana moyo wa kazi. Aliyevunjika moyo ameishiwa na ile nguvu. Unamtia moyo, ao unaondoa kile kilichomvunja. Mwenye huzuni ni mwingine: huyo tunasema moyo unamuuma, ana uchungu, na tunamfariji. Hata Kifaransa kinatenganisha kupoteza ushujaa na moyo kuvunjika, na mkalimani wetu alisoma Kifaransa vizuri!

Tumbo nalo lina mambo yake. Kwa Kiingereza, asiyeweza kuvumilia jambo gumu wanasema hana tumbo la jambo hilo. Jaribu huku kusema "sina tumbo ya hiyo kazi", watu watakuuliza ulikula nini. Sisi ushujaa hatuutafuti tumboni. Huko tunatafuta uchoyo, kwa mkubwa anayefikiri tumbo yake tu. Na zaidi tunatafuta uzazi. Katika lupango ya baba mwenye wake wawili, watoto wote wanaitana ndugu, na watoto wa baba mdogo vilevile ni ndugu. Ukitaka kujua nani alizaliwa na mama yupi, unauliza: "Ninyi ni wa tumbo moja?" Siku ya kugawa mashamba ya marehemu, swali hilo ni zito sana. Mwenye kutafsiri "ndugu wa tumbo moja" kwa neno la ndugu tu amemtoa mama katika habari, na mgeni anabaki haelewi kwa nini hawa watatu wameketi upande mmoja na wale wanne upande mwingine.

Hatusemi maneno yote yanapishana. Kujua jambo kwa moyo, bila kitabu, Kiingereza na Kifaransa vinasema vilevile. Lakini siku ile ya mkutano, mkalimani angemuuliza tu: "Mama, ulivunjika moyo juu ya nini?" Angesikia habari ya mbegu kabla mgeni hajapanda gari.