Kilo 1,919 Zilitoka Wapi? Ukaguzi wa Ankara ya Mzigo wa Mombasa hadi Kitisuru

Ankara ya msafirishaji hukaguliwa kwa kuhesabiwa upya kutoka mwanzo, kwa karatasi ambazo msafirishaji hakuziandika peke yake. Anayeanza na ankara yenyewe na kujumlisha safu zake karibu kila mara ataona zimejumlika sawasawa, kwa kuwa kosa huwa halimo katika kujumlisha. Limo katika uzito, bei ya kilo au saa zilizoingizwa kabla ya hesabu kufanywa. Kwa hiyo mkaguzi huweka ankara kando, akatafuta deni halisi kwa kutumia makubaliano ya bei, hati ya mzigo na hati ya kupokea, kisha ndipo akalinganisha.

Mfano ufuatao, ambao bei zake ni za kuonyeshea hesabu tu, ni wa mzigo wa kawaida: kreti 10 za viti vya mbao vilivyopakiwa Mombasa katika lori la kuchangia, vikapelekwa kwenye nyumba iliyo ndani ya mtaa wenye geti Kitisuru, magharibi mwa Nairobi. Makubaliano yalisema shilingi 10 kwa kilo hadi mlangoni, kilo 250 kwa kila mita ya ujazo pale mzigo unapokuwa mwepesi kuliko nafasi unayochukua, nyongeza ya mafuta, na ada ya kusubiri ya shilingi 1,500 kwa saa baada ya saa mbili za bure. Ankara ilikuja na kilo 1,919, yaani shilingi 19,190. Nyongeza ya mafuta shilingi 1,151.40, na saa sita za kusubiri, shilingi 9,000.

Uzito ndio wa kuanza nao, maana tozo nyingine huupanda mgongoni. Kila kreti ilikuwa na kilo 105 kwenye mizani ya ghala, hivyo zote kumi zilikuwa kilo 1,050. Lakini viti hula nafasi. Kreti ya sentimita 120 kwa 80 kwa 60 ni mita za ujazo 0.576, na kumi ni 5.76. Zikizidishwa kwa 250 zinatoa kilo 1,440. Huo ndio uzito wa kulipiwa, kwa kuwa umeushinda ule wa mizani, na mteja anayedai alipe kilo 1,050 tu hana haki.

Kilo 1,919 basi zilitoka wapi? Njia ya kujua ni kurudisha hesabu nyuma: uzito wa ankara ugawanywe kwa ujazo wa kweli. 1,919 kwa 5.76 ni takriban 333, na namba hiyo inajulikana. Kilo 333 kwa mita ya ujazo ni kipimo kinachotumiwa sana na wasafirishaji wa barabara. Mizigo ya ndege hugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000, sawa na kilo 167 hivi kwa mita, na kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, sawa na kilo 200. Hapa kreti hazikupimwa vibaya. Mfumo wa ankara uliachiwa kipimo cha kawaida badala ya kile kilichokubaliwa na mteja huyu, na hilo ni ugunduzi wenye thamani kuliko pesa zenyewe, kwa sababu linaonyesha kwamba ankara za nyuma za mteja huyo huenda zina kosa lile lile. Kama jibu lingekuwa namba isiyofahamika, 271 tuseme, shaka ingeelekea kwenye futi ya kupimia, na ingebidi kutafuta vipimo vilivyochukuliwa kwenye depo.

Risiti ya mizani ya Mariakani au Mlolongo haisaidii katika hili. Vituo hivyo hupima ekseli na lori zima ili kulinda barabara. Lori lililobeba mizigo ya wateja kadhaa haliwezi kueleza uzito wa kreti za mmoja wao.

Nyongeza ya mafuta hutegemea tarehe. EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, nazo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na bei ya Mombasa si ile ya Nairobi. Makubaliano ya mfano wetu yalitaja dizeli ya Nairobi siku ya kupakia: asilimia 2 ya nauli kwa kila shilingi tano kamili juu ya 160. Mzigo ulipakiwa tarehe 12, dizeli ikiwa 168, kwa hiyo ni tano moja kamili na asilimia 2. Ankara iliandikwa tarehe 20, na karani akachukua bei mpya ya 177, akapata tano tatu na asilimia 6. Tena akaipiga juu ya nauli iliyokwisha kuvimba. Nyongeza ya haki ni asilimia 2 ya 14,400, yaani shilingi 288.

Ada ya kusubiri ndiyo iliyoficha kosa kubwa zaidi, na hapa hati ya kupokea mzigo inastahili kusomwa kwa jicho kali. Dereva alijaza kuwasili 08:40 akifuata saa ya simu. Alipomaliza kushusha aliandika 4:30 kwa mkono, akimaanisha saa nne na nusu asubuhi. Ofisini ilisomwa kuwa saa kumi na nusu jioni, 16:30. Saa saba na dakika hamsini zikatolewa mbili za bure, zikabaki tano na dakika hamsini, zikapandishwa kuwa sita. Hati yenyewe haiwezi kuamua nani amesoma sawa. Kinachoamua ni kitabu cha mlinzi getini, ambacho mitaa ya aina hii huwa nacho: lori liliingia 08:36 na kutoka 10:38. Kushusha kulichukua saa moja na dakika hamsini. Ada ni sifuri.

Hati hiyo hiyo ilionyesha kreti moja imevunjika kona. Hilo ni dai la uharibifu, lenye utaratibu na muda wake, na halifai kukatwa kwenye ankara. Likichanganywa humo, msafirishaji hupata sababu ya kuahirisha yote mawili.

Deni halisi, basi, ni 14,400 na 288, jumla shilingi 14,688. Pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ni shilingi 17,038.08. Ankara ilidai 34,036.02. Tofauti ya 16,997.94 ina kodi ndani yake, na wengi huisahau sehemu hiyo wanapoandika barua ya dai.

Barua inayosikilizwa hutaja namba ya ankara, kisha kila tozo na hati inayoipinga: kifungu cha makubaliano kwa uzito, tangazo la EPRA kwa mafuta, ukurasa wa kitabu cha geti kwa kusubiri. Kiasi kisichobishaniwa hulipwa kwa wakati. Marekebisho yafanywe kwa hati rasmi ya kupunguza deni inayotolewa na msafirishaji kupitia eTIMS ya KRA na kutaja ankara ya awali, kwa kuwa ahadi ya kufidia katika safari ijayo huacha hesabu za kodi za pande zote mbili zikiwa na makosa. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 inaiwekea hati hiyo kikomo cha miezi sita tangu ankara itolewe, isipokuwa pale mgogoro umefika mahakamani. Ndiyo maana ankara za zamani zenye kosa la 333 hukaguliwa kuanzia ile iliyokaribia kutimiza miezi hiyo, hata kama kiasi chake ni kidogo.