Makosa ya Cboe ya mwaka 2022 ni saa ya malipo

Cboe walikosea mwaka 2022. Walipoongeza ukomo wa Jumanne na Alhamisi kwenye opsheni za S&P 500, kila siku ya kazi ikawa siku ya ukomo. Wingi wa siku ningeweza kuuvumilia. Kisichovumilika ni kwamba mikataba hii ya wiki hulipwa kwa bei ya kufunga, saa 10 jioni ya New York.

Chukua opsheni 2,000 za kununua zinazokoma leo, bei ya utekelezaji 5,000, na fahirisi iko hapo hapo nusu saa kabla ya kufunga. Delta ni karibu 0.5. Kila mkataba una kizidishi cha 100, kwa hiyo dila aliyeziuza ameshika kinga ya dola milioni 500. Fahirisi ikimaliza juu kidogo, delta inakwenda 1 na lazima anunue za milioni 500 nyingine. Ikimaliza chini kidogo, inakwenda 0 na lazima auze zote alizonazo. Pointi kumi tu zinatosha. Kwa opsheni ya miezi mitatu, pointi hizo hizo zingegusa delta kwa kiasi kidogo mno. Dila huyu anafuata bei inakoelekea, na mwendo unakolea. Kama yeye ndiye mnunuzi wa opsheni, mambo yanageuka: anauza bei ikipanda, ananunua ikishuka, na fahirisi inang'ang'ania 5,000 mpaka kengele. Halafu wachambuzi wa televisheni wanatuambia ni hisia za soko! Nimechoka na maelezo hayo. Tazama kwanza mikataba iliyo wazi imerundikana kwenye bei gani.

Na muda wa kuukabili mwendo huo ni mfupi: soko la hisa la New York huanza kutangaza pengo la oda za mnada wa kufunga saa 9:50 alasiri. Anayetaka kuziba pengo hilo amebakiwa na dakika kumi.

Wazee wa Soko la Chicago, CME, waliliona tatizo hili la bei ya kufunga mapema. Juni 1987 walihamishia malipo ya mikataba ya baadaye ya robo mwaka kwenye bei za kufungua za Ijumaa. Opsheni za kawaida za mwezi za SPX nazo bado hulipwa hivyo, na biashara yake hukoma Alhamisi. Oda nzito ikiisukuma bei asubuhi, wanunuzi na wauzaji wana siku nzima ya kuirudisha mahali pake.

Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba kiasi cha biashara hupaa, kwa sehemu kubwa kwa sababu mifuko ya fahirisi hupanga upya hisa zake wakati wa kufunga. Oda hizo zinajulikana siku kadhaa kabla, hivyo upande wa pili huwa umejiandaa. Ndiyo maana siku yenye biashara nyingi kuliko zote inaweza kupita kwa utulivu, na Jumanne isiyo na jina ikayumba dakika ishirini za mwisho.