"Ghala la Mstari": Istilahi Inayopotosha

Katika rasimu moja ya istilahi za kompyuta tuliyopewa tuisome, kile kinachoshika mstari wa data uliofunguliwa katika kumbukumbu ya DRAM kimeitwa "ghala la mstari". Hatukubaliani na jina hili. Ghala huweka vitu vingi kwa muda mrefu, ilhali hapa hushikwa mstari mmoja tu, tena kwa muda mfupi.

Kumbukumbu hiyo imegawanywa katika benki, na kila benki ina maelfu ya mistari ya chembe zenye chaji hafifu ya umeme. Kabla ya chochote kusomwa, mstari mzima hufunguliwa: chaji zake huingia katika vikuza-ishara, ambavyo huzitambua, huzishika na kuzirudisha katika chembe. Ombi jingine la mstari uleule huukuta u wazi. Ombi la mstari mwingine wa benki ileile hulazimu wa kwanza ufungwe, ndipo mpya ufunguliwe na kusomwa.

Katika DDR4-3200 yenye vipimo 22-22-22, kila hatua huchukua nanosekunde 13.75. Ombi la mstari ulio wazi hungoja hatua moja. La mstari mwingine hungoja tatu, yaani nanosekunde 41.25.

Kwa hiyo twapendekeza "meza ya mstari". Karani mwenye jalada mezani hujibu upesi. Akiulizwa la jalada jingine, hana budi kulirudisha kwanza lile kabatini. Na kila benki ina meza yake.