Kipimo na Mkato bila Msokotaji: Sitiari ya Nguo na Dhana ya Majaliwa katika Kiswahili cha Shinyanga na Geita

1. Suala la uhakiki

Katika tafiti linganishi za fasihi, miungu watatu wa Kiyunani wanaosokota, kupima na kukata uzi wa uhai hutajwa mara nyingi kama mfano wa fikra inayopatikana kwa binadamu wote. Mhakiki akishaikubali kauli hiyo, hubaki na kazi nyepesi ya kutafuta miungu wenzao katika kila jamii. Sehemu hii inapinga njia hiyo. Inahoji kwamba Kiswahili kinachozungumzwa katika ukanda wa pamba wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kinazo kazi mbili tu kati ya zile tatu, yaani kupima na kukata, na kwamba kukosekana kwa kazi ya kwanza kuna maelezo ya kihistoria. Aidha, inaonesha kuwa jambo hili si la kitaaluma pekee, kwa sababu msamiati huohuo ndio unaotumika pale mtu anapofukiwa na kifusi mgodini.

2. Wale watatu na kazi zao

Hesiodi, katika utenzi wake kuhusu nasaba ya miungu, anawataja kwa majina. Klotho ni msokotaji, Lakesisi ni mgawaji wa fungu, na Atropo ni yule asiyegeuzwa. Majina haya yanafuata hatua za kazi halisi ya wanawake wa Kiyunani. Sufu hushikizwa kwenye kijiti kimoja, huvutwa kwa vidole, na husokotwa kwa kijiti cha pili kinachozunguka na kuning'inia kwa uzito wake. Uzi ukitosha hupimwa, kisha hukatwa. Msikilizaji aliyelelewa katika nyumba yenye kazi hiyo hakuhitaji kuelezwa kwa nini uhai unafanana na uzi, kwani kila siku aliuona ukitokea mahali ambapo hapakuwa na kitu ila manyoya.

Hata hivyo, jina lao la pamoja, Moira, halina uhusiano na uzi. Maana yake ni fungu au sehemu, kama fungu la nyama au la ardhi. Kwa hiyo ndani ya picha hii kuna tabaka mbili: wazo la kugawiwa fungu, na taswira ya kusokota inayolivika wazo hilo. Katika Iliadi, Hekuba anapomlilia Hekta anasema kuwa Moira alimsokotea mwanawe mwisho huo siku alipozaliwa. Hapo fungu na uzi vimekwisha kuungana. Lakini muungano huo si wa lazima. Katika utenzi wa kale wa Kaskazini ya Ulaya uitwao Voluspa, Wanorni watatu wanaokaa chini ya mti mkuu wanachonga juu ya mbao, ingawa katika tenzi nyingine za huko wanasokota nyuzi. Jamii moja inaweza kuwaza majaliwa kwa uzi na kwa maandishi pia. Swali la mhakiki basi ni kwa nini jamii fulani imechagua taswira fulani.

3. Kipimo na mkato katika Kiswahili

Kiswahili kina msamiati mpana wa majaliwa, na sehemu kubwa yake ni ya kipimo. Neno kadari linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupima na kukadiria; ndio mzizi uliotupa pia kadiri na makadirio. Riziki ni fungu alilotengewa mtu. Ajali, katika asili yake ya Kiarabu, ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha deni au cha uhai. Kwa upande wa mkato, mtu anayekufa hukata roho, na kabla ya hapo hukata kauli. Tuongeze kuwa kukata ni kuamua vilevile: tunakata shauri na tunakata hukumu. Kazi ya Lakesisi na kazi ya Atropo zimo katika lugha ya kila siku bila ya mungu mwenye jina.

Dini inaeleza sehemu ya jambo hili, kwa kuwa maneno mengi kati ya hayo yamekuja na Uislamu, na pamoja nayo imekuja taswira ya maandishi: mtu huandikiwa, na lililoandikwa halifutiki. Lakini dini haitoshi kueleza kwa nini watu wa bara, wengi wao si Waislamu, waliyaona maneno ya kipimo na mkato kuwa yanafaa. Hapa historia ya nguo inasaidia.

Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, alikuta watu wakifuma pamba kwa vitanda vya mfumi. Hivyo msokotaji alikuwapo. Lakini njia ya misafara ilikuwa imekwisha kuleta merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani, na kaniki, nguo ya nili iliyotoka India. Nguo hizo zilifika zikiwa tayari, zimekunjwa katika majora. Mpagazi, mfanyabiashara na mtemi aliyedai hongo walizijua kwa kipimo: shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti moja mikono minane. Mkono ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na hivyo haki ya mtu ilitegemea ni mkono wa nani uliopima. Baada ya kupima, nguo ilikatwa. Kwa vizazi kadhaa, nguo ilikuwa kitu ambacho mwenye nacho humpimia na kumkatia asiye nacho. Ufumaji wa bara ulififia kadiri nguo za nje zilivyoenea.

Kilimo cha pamba cha karne ya 20 hakikumrudisha msokotaji. Mkulima wa Shinyanga hupanda, hupalilia, huchuma na kupeleka pamba mbegu kwenye kituo cha kununulia. Pale hupimwa kwa mizani. Kiwandani hutenganishwa nyuzi na mbegu, nyuzi hufungwa marobota, na marobota huondoka. Mtu anaweza kulima pamba maisha yake yote bila kuona uzi mmoja ukisokotwa. Anachokifahamu kwa undani ni mizani. Nguo inarudi kwake dukani kwa doti, na siku ya mwisho inarudi kama sanda, iliyopimwa kwa mwili wake na kukatwa.

4. Vitenzi vya msokotaji viko wapi?

Hoja hii ingekuwa dhaifu kama vitenzi vya kusokota na kusuka vingetumika kwa majaliwa. Tukivichunguza tunakuta havitumiki hivyo. Kusuka hubeba maana ya sitiari, lakini mtendaji wake ni binadamu: watu husuka mpango, na wenye nia mbaya husuka njama. Kusokota huelekezwa kwenye mwili: tumbo husokota. Kwa kawaida Mswahili hasemi kuwa Mungu amemsukia siku zake. Anasema amemjalia, amempangia, amemwandikia au amemkadiria. Kusuka kumebaki mikononi mwa watu wanaoweza kulaumiwa.

Kitenzi kinachokaribia kazi ya Klotho ni kutunga. Mtu hutunga shanga katika uzi, hutunga shairi, na mimba hutunga tumboni. Inavutia kusema kwamba hapa uhai unaanza kama ushanga unaopitishwa uzi, hasa kwa kuwa shanga zilikuwa bidhaa ya misafara sambamba na nguo. Mtafiti anaitaja dhana hii lakini haitegemei. Jipu nalo hutunga usaha, na hapo hakuna uzi. Huenda maana ya msingi ya kitenzi ni kujikusanya na kupata umbo. Hata tukikubali kuwa uzi upo, katika kutunga shanga uzi umekwisha kusokotwa na mwingine.

Tofauti nyingine inahusu Atropo. Jina lake linasema kuwa hageuzwi. Katika uaguzi wa Kisukuma mfumu hupasua kuku na kusoma dalili katika mwili wake ili ajue chanzo cha shida na dawa inayofaa. Mteja haendi kusikia hukumu iliyokwisha kukatwa. Anakwenda kwa sababu jambo linaweza kugeuzwa. Mhakiki anayemfananisha mfumu na miungu wa uzi amekosea kuhusu kile hasa kilichowatofautisha.

5. Ajali shimoni

Neno ajali ndilo lenye uzito zaidi katika eneo hili. Leo maana yake ya kwanza ni tukio la ghafla lenye madhara: ajali ya gari, ajali ya moto, ajali ya mgodi. Maana ya zamani, muda wa uhai uliowekwa, haijafa. Imo katika methali isemayo ajali haina kinga. Kwa maana ya zamani methali hiyo ni kweli tupu, kwani kikomo kilichowekwa hakizuiliki. Kwa maana mpya si kweli. Kuta za duara huegemezwa kwa magogo, kamba ya kushukia hukaguliwa, na uchimbaji husimamishwa mvua inapolowesha ardhi. Methali moja inabeba maana mbili, na ukweli wa ile ya kwanza unaificha ile ya pili.

Tuchukue tukio la Nyangarata wilayani Kahama. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji wadogo walifukiwa chini ya ardhi. Mwezi Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai; mwenzao mmoja alikuwa amefia humo. Lugha ina kauli iliyo tayari kwa tukio kama hili: siku zao zilikuwa hazijafika. Kauli hiyo inawafaa walionusurika na inafariji. Lakini ukiigeuza, inasema kuwa siku za yule mmoja zilikuwa zimefika, na hapo swali la nani alipaswa kuegemeza kuta linakosa mahali pa kuulizwa. Kipimo kimeshapimwa, na mpimaji hahojiwi.

Mtaani mtu aliyekufa husemwa amekata kamba. Shimoni kamba si sitiari: mchimbaji huning'inia kwenye kamba iliyosokotwa na mtu, iliyofungwa na mtu, na inayochakaa kwa namna inayoonekana. Nyuzi zake hufumuka kwanza pale inaposugua ukingo. Zikiangaliwa asubuhi, zinaeleza yatakayotokea jioni. Hapa ndipo msokotaji aliyekosekana katika msamiati wa majaliwa anapohitajika, kwa sababu anayetaja usokotaji anataja mtendaji.

6. Hitimisho

Imedhihirika kuwa taswira ya majaliwa kama nguo katika Kiswahili cha eneo hili ni nusu ya taswira ya Kiyunani, na kwamba nusu hiyo inalingana na namna nguo ilivyowafikia watu: ikiwa imefumwa kwingine, ikapimwa na kukatwa mbele yao. Ukomo wa hoja hii ni kwamba inahusu Kiswahili. Msamiati wa Kisukuma wenyewe unahitaji utafiti wake. Pendekezo kwa wahakiki ni kwamba, kabla ya kutafuta miungu watatu katika jamii yoyote, waulize kwanza ni hatua ipi ya kazi ya nguo ambayo watu waliiona kwa macho yao, na ni ipi iliyofanyika mbali nao.