Barua ya Kwanza ya Hasara Kubwa

Ustadi wa mtu wa madai hupimwa kwa barua ya kwanza, ile inayoandikwa jengo likiwa bado linafuka moshi na hasara haijahesabika.

Tuseme kampuni ndogo ya Dar es Salaam imebeba bima ya moto ya ghala la pamba mkoani Shinyanga, shilingi bilioni 2. Mfuko wake unahimili milioni 200 tu, bilioni 1.8 zimekwenda kwenye mkataba wa bima mtawanyo. Kwa hiyo katika kila shilingi 10 za hasara, 1 ni yake na 9 ni za mkataba, hata ghala likiungua nusu.

Moto ukitokea, mzembe huiandikia kampuni ya bima mtawanyo: “Tumepata hasara kubwa, taarifa zaidi zitafuata.” Anayeipokea anatakiwa kutenga fedha leo, naye hajapewa cha kutenga. Stadi huandika hivi: “Moto ulizuka usiku wa kuamkia Jumanne. Mtathmini hasara alifika jana, akakuta karibu robo ya marobota yameungua. Anakadiria milioni 600: yetu 60, ya mkataba 540. Daftari la stoo hajaliona. Chanzo hakijajulikana, na madai hatujayakubali.” Kila tarakimu imekuja na shahidi wake, na pasipo na shahidi pamesemwa wazi.

Uzuri wa barua hii umo pia katika namna inavyobeba shaka. Huenda daftari likaonyesha kuwa siku ya moto ghala lilikuwa na mali ya bilioni 2.5. Hapo bima ilitosha asilimia 80 tu, na kama hati ina sharti la uwiano, madai yatashuka hadi milioni 480, sehemu ya mkataba ikiwa 432. Stadi huitaja hatari hiyo, ila haipunguzi tarakimu kabla daftari halijafika.

Kishawishi kipo. Mkataba unakaribia kuhuishwa, na bosi angependa kuanza na milioni 100, kisha 250, kisha 540. Mzoefu wa upande wa pili huutambua mchezo huo: makadirio yanapanda bila ushahidi mpya kuambatana nayo. Tangu hapo kila tarakimu ya kampuni hiyo huiongezea kichwani mwake.

Faida ya ukweli huonekana siku ya malipo. Kwa kawaida mikataba ya namna hii hulipana kwa hesabu za robo mwaka, lakini mingi ina kifungu cha kudai fedha taslimu mara moja sehemu ya mkataba inapovuka kiwango kilichokubaliwa. Tuseme daftari limethibitisha bilioni 2.5 na sharti la uwiano limo: mwenye ghala anadai milioni 480 zote, na kampuni yenyewe inapaswa kuchangia 48. Ombi la 432 likifika kwa msomaji aliyekwisha kuambiwa habari ya daftari, kwake kilichobaki ni kuhakiki hesabu na kuidhinisha.