Pasaka ya Nani? Tanbihi juu ya Salamu za Pesakh

Tumeonyeshwa kadi ya ofisi moja mjini Nairobi, aliyopelekewa mfanyakazi mwenzao Myahudi tarehe 31 Machi 2024. Iliandikwa: "Heri ya Pasaka". Nia ya waandishi ilikuwa njema; istilahi ndiyo iliyowaponza.

Biblia za Kiswahili hulitumia neno "pasaka" kwa karamu ya Waisraeli usiku wa kutoka Misri, nayo makanisa yakalichukua neno hilo hilo kwa sikukuu ya Ufufuko. Matumizi haya ya pili ndiyo yaliyoenea, hata asikiaye leo "Heri ya Pasaka" husikia salamu ya Kikristo. Aidha, tarehe hazikupatana. Kalenda ya Kiyahudi mwaka ule ilikuwa na miezi 13, basi Pesakh ilianza jioni ya 22 Aprili, siku 22 baada ya kadi kufika. Mwenzetu alipewa heri ya sikukuu ya watu wengine.

Wako wapendekezao "Heri ya Pasaka ya Kiyahudi". Katika kamusi fasili hiyo yafaa, lakini katika salamu haifai. Nani amwambiaye jirani yake "Heri ya Idi ya Kiislamu"? Sisi twaona jina la wenyewe litumike: "Heri ya Pesakh", kh ikitamkwa kama katika neno sheikh. Apendaye Kiebrania aseme "khag sameakh", yaani sikukuu ya furaha.

Ipo salamu nyingine, "khag kasher ve-sameakh", ambayo twashauri itumiwe kwa hadhari. Neno "kasher" lakaribiana na "halali" yetu, nalo hapa laelekea kwenye sheria ya siku hizo: nyumba huondolewa mkate na vyakula vyote vya ngano, shayiri na nafaka nyingine tatu vilivyochachuka, na huliwa mkate usiotiwa chachu. Anayemtakia mwenzake sikukuu iliyo "kasher" amekwisha kudhani kwamba mwenzake huishika sheria hiyo. Wengi huishika, wengine hukutana na jamaa zao kwa karamu ya usiku wa kwanza tu, na wengine hawafanyi lolote. Neno letu "Myahudi" hutaja ukoo na dini kwa pamoja, wala halitupi habari ya meza ya mtu. Halitupi hata habari ya nchi yake: Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale, ni wenyeji wa Uganda, na kumwuliza mmoja wao habari za kwao Israeli ni kukosea njia.

Kwa hiyo kadi ile ingaliandikwa hivi, na kupelekwa asubuhi ya 22 Aprili: "Ndugu, kama unaiadhimisha, twakutakia heri ya Pesakh, wewe na jamaa zako." Aliyechelewa asihofu, kwani sikukuu huchukua siku 7 katika Israeli, na siku 8 kwa wengi walio nje. Naye mwenzetu akionekana siku ya tatu anakula chapati, asiulizwe.